"Anashirikiana Vizuri" ni Sijambo ya Mgonjwa

*Bibi, mimi ni muuguzi mkunga, kiongozi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja hapa Tanga. Nina wauguzi saba chini yangu. Miaka mitatu sasa nawaandikia maoni ya tathmini, na wote nimewaandikia karibu maneno yale yale: "Ni mchapakazi, anashirikiana vizuri na wenzake." Sikuwa na nia mbaya. Tunafanya kazi pamoja, tunazikana, wengine ni majirani zangu.*

*Mwaka huu mambo mawili yamenikuta ndani ya wiki moja. Dada mmoja, F., ambaye ndiye nguzo ya wodi yetu, amekosa nafasi ya kwenda kusoma. Nimeambiwa kamati ililinganisha majalada na haikuona la kumtofautisha na mwenzake. Kisha nikaenda kwa Matroni kumlalamikia kaka mmoja, K., anayechelewa kupokea zamu. Matroni akafungua jalada akaniuliza, "Si wewe uliyeandika kwamba anashirikiana vizuri?" Sikuwa na jibu. F. hanisemeshi. Nifanyeje?*

*Z.M., Makorora*

Mwanangu Z. Nimekusoma hadi mwisho, na nilipofika kwenye lile swali la Matroni nilijikuta nacheka peke yangu. Sikukucheka wewe, nilijikumbuka. Nimekaa ofisi za utumishi hadi nikastaafu, na majalada mengi niliyoyashika ungeweza kuyabadilisha majina pale juu na asitokee wa kugundua. Mchapakazi, mtiifu, anashirikiana vizuri. Ukurasa baada ya ukurasa. Mengine niliyaandika mimi.

Kwa hiyo ondoa hofu kwamba una roho mbaya. Lililokushika lina jina lake huku Pwani, nalo ni muhali. Uliona tabu kumwandikia jirani neno litakalomkera, ukaona tabu pia kumwinua mmoja mbele ya sita waliobaki, basi ukawagawia wote sahani moja. Nia ilikuwa kulinda undugu. Tazama sasa undugu wenyewe ulipofika: F. hakusemeshi.

Unapima mama, hupimi muuguzi

Mtu wa kwetu akiulizwa hali hujibu "sijambo", hata kama homa inamtetemesha. Ndiyo adabu yetu, na habari yenyewe hufuata akishaketi. Lakini mama akiingia wodini kwako akasema hajambo, huandiki "hajambo" kwenye faili ukaenda kunywa chai. Unampima presha. Unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kila nusu saa unaweka nukta kwenye patografu. Kila baada ya saa 4 unapima njia imefunguka kiasi gani. Zamu ikibadilika, mwenzako ambaye hakuwepo anautazama mchoro ule na anajua uchungu umekwendaje, tena anajua kama ni wakati wa kumwita daktari.

Sasa jiulize: mtu asiyewahi kukanyaga wodi yako akisoma "anashirikiana vizuri", anajua nini? Anajua tu kwamba hukutaka kugombana na mtu. Sentensi ile ni sijambo ya mgonjwa. Kamati iliyokaa na majalada mawili ilipewa sijambo mbili, ikaambiwa ichague nani anaumwa zaidi.

Kipo kipimo chepesi ambacho nakuomba ukishike. Ukimaliza kuandika, funika jina kwa kidole. Kama sentensi ile inaweza kukaa kwenye jalada la muuguzi mwingine bila kubadilisha neno, bado hujaandika kitu.

Muhali huu haukuanza kwako

Zamani mtumishi wa serikali alitathminiwa kwa taarifa ya siri. Mkuu wake aliandika, akafunga, akapeleka, na mwenyewe hakuona. Siri ile ilizaa fitina, maana mtu aliweza kukuchongea kwa mstari mmoja na usijue kwa nini hupandi. Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi, ule wa OPRAS. Mtumishi na msimamizi wake waketi mwanzo wa mwaka wa serikali, Julai, wakubaliane malengo. Wayapitie katikati ya mwaka, Desemba. Wafunge hesabu Juni. Kila mmoja aliweka alama yake, kisha wakakubaliana. Alama zilikwenda 1 hadi 5, na 1 ndiyo ya juu.

Kwenye fomu ile kulikuwa na sehemu ya sifa za utendaji mzuri, na miongoni mwake mahusiano kazini: uwezo wa kufanya kazi kwa timu, kuelewana na wenzako, kuheshimika. Hapo ndipo kalamu nyingi zilipoteleza. Lengo kama "kuhudumia wajawazito" lina idadi, mtu anaweza kuhesabu. Lakini "kufanya kazi kwa timu" halikuja na kipimo chake, na anayetathminiwa amekaa mbele yako anakutazama machoni. Enzi za siri bosi aliweza kuandika sumu. Uwazi ulipokuja, wengi wakahamia kwenye asali. Siku hizi karatasi zimepisha PEPMIS ya kwenye kompyuta, lakini mfumo hauwezi kumwondolea mtu muhali. Ukiuingizia sijambo, utakutunzia sijambo.

Sifa ya jumla imewadhulumu wote wawili

Hapa niseme kwa ukali kidogo, univumilie. F. umemnyima haki yake, japo hukumsema vibaya. Kazi aliyoifanya usiku, wakati wengine wamelala, haikuwahi kuingia kwenye maandishi, na mbele ya kamati kazi isiyoandikwa haina mtetezi.

K. naye umemdhulumu, hata kama yeye anadhani umemfadhili. Miaka mitatu amesoma kwenye tathmini yake kwamba yuko sawa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo ukimgeukia na kumshitaki, ana haki ya kukuuliza: nilianza lini kuwa mbaya, na mbona hukuniambia? Swali hilo hilo atakuuliza yeyote atakayepitia shauri lake.

Na wasomaji wangu wa viwandani na kwenye kampuni msidhani hili ni la serikalini tu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri aliyemwachisha mtu kazi ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 nazo zinauliza: je, mfanyakazi alikijua kiwango alichotakiwa kukifikia? Alipewa nafasi ya kujirekebisha? Jalada lililojaa "anashirikiana vizuri" linamjibia mfanyakazi, tena kwa saini yako.

Livunje neno vipande

Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge mkoani kwetu walikuwa na kipande, kadi ambayo kila kazi ya siku iliyokamilika iliwekewa alama, hadi zitimie siku 30. Sikisifu kipande, kilikuwa chombo kigumu cha enzi ya ukoloni, na watu wengi kiliwaumiza. Najifunza jambo moja tu kwake: mwisho wa kadi, mzee aliweza kukunjua ushahidi wake akahesabu. Hakutegemea nyapara ameamka vipi siku hiyo.

"Ushirikiano" ni neno kubwa mno kupimika likiwa zima. Wewe unaijua wodi yako; jiulize, mtu anayeshirikiana huonekana akifanya nini kwa mikono yake? Mimi si muuguzi, lakini kwa nilivyosikia kwa miaka mingi, wodini mambo hayazidi manne. Anapokea na kukabidhi zamu kwa wakati, na makabidhiano yake yamekamilika. Mwenzake akiita msaada, anaitika. Anakubali kubeba zamu ya mwenzake aliyepatwa na msiba au ugonjwa. Na anawafundisha wapya bila kuwasimanga.

Manne haya waambie wote saba mapema, kabla hujaanza kuandika. Huwezi kumpima mtu kwa kiwango alichokisikia siku ya hukumu.

Kisha kila unapoandika, sentensi yako ijibu maswali manne: alifanya nini, lini au mara ngapi, imeandikwa wapi, na ilileta nini. La mwisho ndilo watu husahau. Kuchelewa dakika 40 ni namba tu, mpaka useme kwamba dakika hizo muuguzi wa usiku alibaki peke yake na kina mama watatu wenye uchungu.

Usiniambie huna ushahidi. Una ratiba ya zamu yenye saini za waliobadilishana. Una daftari la makabidhiano lenye saa. Una patografu kwenye mafaili. Umekalia shehena nzima, wewe ukaandika maneno mawili.

Tuanze na F.

Namba ninazoziweka hapa ni za mfano, ili uone umbo. Zako zitoe kwenye madaftari yako.

Uliandika: "F. ni mchapakazi, anashirikiana vizuri na wenzake."

Sasa tazama hivi: "Kati ya Julai na Desemba, F. alibeba zamu 6 za usiku za wenzake waliofiwa au kuugua. Zote zimesainiwa kwenye ratiba. Aliwaongoza wauguzi wapya 2 katika kujaza patografu. Nilikagua faili 20 za wiki zao za kwanza, na 12 zilikuwa na mapengo kwenye mapigo ya moyo wa mtoto. Nilikagua 20 nyingine mwezi uliofuata, zenye mapengo zikawa 3. Mwezi Novemba mama mmoja alipotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, F. aliacha makabidhiano, akaja kumsaidia mwenzake aliyekuwa peke yake, na akabaki hadi daktari alipofika; imeandikwa kwenye daftari la ripoti."

Hakuna neno "mchapakazi" humo. Halihitajiki, msomaji atalisema mwenyewe. Funika jina kwa kidole: maneno yale hayamkai mtu mwingine.

Lakini tazama pia mpaka wake. Sikuandika kwamba F. ndiye aliyeondoa mapengo. Labda wauguzi wale walikuwa wepesi kujifunza, labda nawe ulikuwa unawasimamia. Nimesema aliwaongoza, na nimesema faili zilivyokuwa kabla na baada. Anayesoma atapima. Ukimvika mtu sifa kuliko ushahidi, mtu mmoja kwenye kamati akiuliza swali moja tu, nguo yote itamvuka.

Sasa K.

Najua kalamu inakuwasha kuandika, "K. anachelewa sana, hana ushirikiano." Mwanangu, hiyo ni sijambo ile ile imegeuzwa ndani nje. "Sana" ni mara ngapi? Lawama ya jumla haina tofauti na sifa ya jumla, ila hii inauma zaidi.

Keti na daftari la makabidhiano uhesabu. Tuseme umepata hivi: "Kati ya zamu 60 za Oktoba hadi Desemba, K. alipokea 11 akiwa amechelewa kwa dakika 20 hadi 50. Tisa ni za asubuhi, zinazoanza saa 1:30. Katika siku 4 kati ya hizo, muuguzi wa usiku alibaki peke yake na kina mama zaidi ya wawili wenye uchungu. Zamu 49 alipokea kwa wakati, na makabidhiano yake huwa na dawa, presha na hali ya kila mama."

Umeona kilichotokea? Kabla ya kuhesabu ulikuwa na mtu mvivu. Baada ya kuhesabu una mtu anayefanya kazi yake vizuri, ambaye asubuhi zinamshinda. Mvivu angechelewa jioni mara nyingi pia. Swali lako sasa linabadilika: K. analala wapi? Kama anatoka Muheza na anategemea gari la kwanza, dawa inaweza kuwa kumpangia jioni na usiku zaidi, au yeye kusogea mjini. Kama ana mtoto wa kupeleka shule, ni mazungumzo mengine. Na kama hana sababu yoyote, utakuwa umejua, naye atajua kwamba unajua. Ushahidi mzuri unakuonyesha wapi pa kuuliza. Maneno ya jumla yanakupeleka moja kwa moja kwenye ugomvi.

Kisha mkubaliane jambo linalohesabika. Kwa mfano: Januari hadi Machi, asizidi kuchelewa mara 2, na akiona atachelewa apige simu wodini kabla ya saa 1. Liandikwe, mtie saini wote wawili.

Njia zilizo mbele yako, na miiba yake

Njia ya kwanza, ambayo huenda imekwishakupitia kichwani, ni kurudi kwenye tathmini za nyuma na kuzirekebisha. Usithubutu. Uliyoyasaini umeyasaini. Ukibadilisha maandishi ya mwaka uliopita, hutamwokoa F., na wewe ndiye utakayeandikiwa barua.

Njia ya pili ni kungoja Juni. Ina mwiba wake: ukikaa kuandika Juni, utakumbuka ya Mei. Muuguzi aliyeng'ara Agosti amekwishasahaulika, na aliyekosa wiki iliyopita ndiye atakayeubeba mwaka mzima.

Njia ya tatu ndiyo ninayokupa. Weka daftari moja dogo, kurasa chache kwa kila muuguzi. Kila Ijumaa dakika kumi: tarehe, tukio, ushahidi uko wapi. Lakini shika masharti haya, la sivyo daftari litageuka upelelezi na wodi itakukimbia. Waandike wote saba, si K. peke yake. Andika mema na mapungufu. Andika uliyoyaona au yaliyo kwenye kumbukumbu, si ya kuletewa na mtu jikoni. Jina la mgonjwa lisiingie humo kamwe. Na kila mmoja awe huru kusoma kurasa zake.

Uangalie na jambo moja zaidi. Anayefanya kazi na wewe mchana utamwona kila siku. Wa usiku humwoni. Usipokuwa mwangalifu, daftari lako litajaa mema ya wa mchana, na wa usiku atabaki na makosa tu, kwa sababu kosa ndilo linalosubiri hadi asubuhi. Kurasa za mtu zikiwa tupu mwezi mzima, huenda jicho lako ndilo halikumfikia.

Kwa F., usingoje Ijumaa

Nafasi ya kusoma ya mwaka huu imepita, na sitakudanganya kwamba barua yako itairudisha. Lakini dirisha lingine litafunguka, na jalada litafunguliwa tena. Mwandikie Matroni maelezo yenye tarehe ya leo, useme wazi kwamba ni nyongeza inayotokana na kumbukumbu za wodi. Usiyarudishe nyuma hata siku moja. Ueleze pia kwamba tathmini zako za awali zilikuwa za jumla mno. Utaona haya, ndiyo. Mficha uchi hazai, na wewe mkunga hulihitaji hilo lifafanuliwe.

K. naye umwite, umsomee zile zamu 11 pamoja na zile 49, kabla mtu mwingine yeyote hajazisikia. Mwambie pia kwamba kwa miaka mitatu ulimficha.

Basi kesho ukiingia zamu, chukua ratiba na daftari la makabidhiano, ufungue ukurasa wa kwanza wa Julai. Ukimaliza kuandika ya F., mtafute, hata kama hakusemeshi, umwambie: nimekuja kukusomea nilichokuandikia. Soma polepole. Akikwambia tarehe fulani umekosea, usibishe. Toa kalamu usahihishe hapo hapo, mbele yake. Hapo ndipo atakapojua kwamba safari hii umemtazama kweli.